Kuzungumza na ukumbi wa watu wanaoingia na kutoka

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya wagonjwa wa nje. Nimepangiwa kutoa elimu ya presha kwa saa mbili kila asubuhi, palepale kwenye ukumbi wa kusubiri. Watu wanaingia muda wote, na wengine wanaitwa kwa daktari nikiwa katikati ya sentensi. Nikianza upya kila mara, waliokaa wanachoka. Nikiendelea, walioingia wanakodoa macho tu. Somo la namna hii linapangwaje?*

Marahaba. Kwanza futa kichwani wazo la somo la saa mbili, kwa sababu hakuna atakayelisikia lote isipokuwa wewe mwenyewe. Ulicho nacho ni vipande vifupi vinavyozunguka, kila kimoja kikiwa somo kamili lenye mwanzo na mwisho wake. Ukishakubali hilo, yanabaki maswali mawili: kipande kiwe na urefu gani, na ndani yake utamwekaje sawa aliyeingia sasa hivi bila kumchosha aliyekuwepo.

Nianze na urefu, maana wengi hapo hukisia. Urefu wa kipande hauamuliwi na mada, hata mada iwe nzito vipi. Unaamuliwa na muda ambao mtu anakaa pale kwenye kiti. Kwa hiyo kabla hujafundisha chochote, tumia asubuhi moja kuhesabu. Kaa karibu na mlango ukiwa na daftari. Mtu akiingia na kuketi, andika saa. Akiitwa na kunyanyuka, andika saa. Watu thelathini wanatosha kukupa picha.

Nasisitiza mlangoni, si katikati ya ukumbi. Ukisimama katikati na kuwauliza waliopo wamesubiri muda gani, utapata jibu la kukupoteza. Anayekaa dakika arobaini ana nafasi kubwa zaidi ya kukutwa ukumbini kuliko anayekaa dakika tano, kwa hiyo wakati wowote ukitupa jicho, wakaaji wa muda mrefu wanaonekana wengi kuliko walivyo. Utaondoka hapo ukiamini kila mtu ana muda, utapanga vipande virefu, na wale wa kupita haraka hawatapata hata sentensi iliyokamilika. Mlangoni kila mtu anahesabiwa mara moja tu, awe wa dakika tano au wa saa nzima.

Ukirudi na daftari lako, panga muda wao kuanzia mfupi hadi mrefu. Tuseme umekuta robo ya watu wanakaa chini ya dakika 15, na mtu aliye katikati kabisa ya orodha anakaa dakika 25. Usimpangie huyo wa katikati. Ukimpangia yeye, nusu ya ukumbi umeiacha. Pangia ile alama ya dakika 15, yaani lengo liwe kwamba watu watatu kati ya wanne wasikie angalau kipande kimoja kizima, kuanzia salamu hadi agizo la mwisho.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme zamu moja ni dakika 8: unazungumza dakika 6, kisha dakika 2 za maswali na kumeza maji. Mwenye bahati mbaya kuliko wote ni yule anayeketi sekunde chache baada ya wewe kuanza. Huyo atasubiri karibu dakika 8 kipande kingine kianze, kisha atahitaji dakika 6 kukisikia. Jumla 14. Bado yuko ndani ya dakika zake 15. Sasa jaribu kurefusha kipande kiwe cha dakika 12 na maswali dakika 3. Mtu yuleyule anahitaji dakika 15 za kusubiri na 12 za kusikiliza, jumla 27, na hapo hata yule wa katikati ya orodha hana uhakika tena. Ndiyo maana vipande virefu hushindwa hata vikiwa vitamu.

Kwa saa mbili zako utapata zamu 15. Ukiwa na vipande vitatu, kila kimoja kinarudi mara tano. Kwa presha ningechagua hivi: kipande cha kwanza ni namna ya kukaa unapopimwa, cha pili ni maana ya zile namba mbili, cha tatu ni dawa na chumvi. Mada nyingine zote za presha, na ziko nyingi, ziache. Kipande cha nne kinaongeza dakika 8 kwenye mzunguko, na anayetaka kusikia yote ndiye anayezilipa.

Vipande hivyo vitatu visitegemeane. Hapa ndipo walimu wazuri wa darasani wanapokwama, kwa sababu darasani tumezoea kujenga: leo msingi, kesho ukuta. Ukumbini msingi haupo, kwa kuwa nusu ya watu hawakuwepo ulipoumwaga. Vipande vikisimama kila kimoja peke yake, mtu anaweza kuanzia popote, na hata yule wa bahati mbaya atasikia vyote vitatu ndani ya dakika 30. Vikiwa ni lazima vifuatane, atakayeingia mara baada ya cha kwanza kuanza itabidi asubiri mzunguko mzima wa dakika 24 urudi, kisha asikilize dakika 22 nyingine. Ni dakika 46, na kwa ukumbi wako huyo ameshaitwa zamani.

Kuna njia rahisi ya kujua kama kweli umevitenganisha. Andika kila kipande kwenye karatasi yake, changanya karatasi, kisha visome kwa sauti kwa mpangilio utakaotokea. Kila sentensi inayoanza "kama tulivyoona" au "zile namba tulizozitaja" itakukwaruza sikio. Hiyo ifute, au ijaze: badala ya "zile namba", sema "namba mbili ambazo mashine ya presha inaonyesha".

Sasa tuingie ndani ya kipande, kwenye kazi ya kumpokea aliyechelewa. Msikilize mtangazaji wa mpira redioni. Kila baada ya muda mfupi anakwambia dakika ya ngapi, nani anacheza na nani, na matokeo ni ngapi kwa ngapi. Ila hasimamishi mchezo ili aseme hayo. Anayasema mpira ukiwa miguuni mwa mtu: "Dakika ya sitini na tatu, bado moja bila, mpira kwake namba saba." Aliyewasha redio sasa hivi ameshajua alipo, na aliyekuwa akisikiliza tangu mwanzo hakupoteza kitu, kwa sababu sentensi hiyohiyo imembebea habari mpya ya namba saba. Hiyo ndiyo kanuni yako: ukumbusho na jambo jipya vikae kwenye sentensi moja.

Mimi hutofautisha karibisho refu na karibisho fupi. Refu ni la mwanzo wa kipande, sekunde ishirini hivi, na lina mambo manne: mimi ni nani, tunaongelea nini, kwa muda gani, na ukiitwa ufanye nini. Kwenye kipande chako cha kwanza linaweza kuwa hivi:

"Habari za asubuhi. Mimi ni muuguzi wa hapa kliniki. Kwa dakika sita naongelea jambo moja: namna ya kukaa unapopimwa presha ili mashine isitoe namba ya uongo. Ukiitwa, nyanyuka tu uende, na uchukue karatasi pale mlangoni, ina haya yote."

Hiyo sentensi ya mwisho usiidharau. Mtu anayeitwa katikati ya somo huwa anaona haya kuondoka. Anainama, anaomba radhi kwa mkono, anakwamisha safu nzima. Ukishampa ruhusa mapema, anatoka kimya na wengine hawageuzi shingo.

Karibisho fupi ni sentensi moja, na linakuja ndani ya kipande kila unapohama kutoka jambo moja kwenda jingine, kama kila dakika moja na nusu hivi. Ona namna linavyofanya kazi. Tuseme umemaliza kueleza miguu na unataka kuingia kwenye mkono. Mzungumzaji asiyejipanga anasema: "Halafu huu nao ukining'inia, inapanda." Kwa aliyekuwepo sentensi hiyo ni wazi. Kwa aliyeketi sekunde kumi zilizopita haina kichwa wala miguu. Nini kinaning'inia? Nini kinapanda? Kiswahili kinaturuhusu kwenda mbali sana na viambishi hivi vidogo, "inapanda, inashuka, ikizidi", bila kutaja tena jina la kitu, na kwenye mazungumzo ya kawaida huo ni ufasaha. Ukumbini ni kumfungia mtu mlango. Sema hivi: "Ukiwa unapimwa presha, mkono ulaze juu ya meza, usawa wa moyo, kwa sababu mkono ukining'inia mashine inasoma namba kubwa kuliko presha uliyo nayo." Mgeni amepata mada yote, na mwenyeji amepata jambo jipya. Hakuna aliyeambiwa "kwa wale waliochelewa", maneno ambayo kwa maoni yangu hayana faida yoyote ukumbini. Yanamwaibisha mmoja na kumwambia mwingine apumzike kusikiliza.

Kuhusu kuchosha waliokaa: kinachochosha ni kusikia sentensi ileile isiyobeba kitu, kwa sauti ileile, kama tangazo la stendi. Kwa hiyo badilisha mifano kila mzunguko. Mzunguko wa kwanza eleza kwa mtu aliyepanda ngazi mbiombio na kupimwa akihema, wa pili kwa mtu aliyekuwa akipiga gumzo wakati mkanda unajaa upepo, maana kuzungumza nako kunapandisha namba. Lakini kitu kimoja usikibadilishe hata neno: agizo lenyewe. "Kaa kimya dakika tano kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo." Hilo liwe lilelile mara zote tano. Watu wanaosikia vipandevipande huenda kuulizana nyumbani na kwenye foleni ya dawa, na mmoja akiwa alisikia "dakika tano" na mwenzake "dakika chache", wataondoka na ubishi badala ya somo.

Nakuja kwenye jambo ambalo naliogopa kuliko yote katika kazi hii, nalo ni nusu ya sentensi. Darasani ukisema jambo la uongo kwa ajili ya kulikosoa, unajua wote watasubiri ukosoaji. Ukumbini hapana. Fikiria unasema, "Wengi wakishajisikia vizuri huacha dawa za presha, na kweli ukiangalia unaona hawana tatizo lolote..." Hapo jina linaitwa. Mtu ananyanyuka akiwa amebeba ruhusa ya kuacha dawa kutoka kwa muuguzi aliyevaa sare. Wewe sekunde tano baadaye unasema "lakini hilo ni kosa", na yeye yuko korido.

Kwa hiyo ukweli utangulie daima, tena ndani ya kauli iliyokamilika: "Dawa ya presha unaendelea nayo hata ukijisikia mzima, mpaka daktari aseme vingine." Sababu ifuate: presha ya juu mara nyingi haina dalili, kwa hiyo kujisikia mzima si kipimo. Makosa ya watu yaje mwisho kabisa, kama yana ulazima wa kuja. Tabia ile ya kuuliza swali zuri, kuliacha lielee, kisha kulijibu baada ya dakika tatu, iweke kando, na hadithi zenye kilele mwishoni nazo vilevile. Zinapendeza, lakini zinahitaji mtu aliyefungiwa ndani.

Kipande chako cha namba kina mtego wa aina hiyohiyo, na ni mbaya zaidi kwa sababu unahusu hofu. Ukianza na "140 kwa 90 ni presha ya juu", anayeitwa baada ya maneno hayo na akapimwa 142 ataingia kwa daktari akitetemeka, ilhali kipimo cha siku moja peke yake hakitoshi kumwambia mtu ana ugonjwa. Sharti lisogeze mbele ya namba: "Ni mpaka upimwe siku mbili tofauti, na siku zote mbili namba ya juu iwe 140 au zaidi, au ya chini iwe 90 au zaidi, ndipo tunasema una presha. Ukipata namba hizo leo, mwambie daktari leoleo." Sentensi zimekuwa ndefu kidogo, lakini popote anapokatiziwa mtu hakuna nusu ya kumdhuru. Kila kipande ukishakiandika, kipitie kwa kalamu na ujiulize baada ya kila kituo: akinyanyuka hapa, ameondoka na nini? Kwenye chumvi pia. "Isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyokwisha tiwa kwenye chakula" iende kwa pumzi moja. Ukisema kijiko kimoja kisha ukapumua, kuna atakayesikia kwamba anaruhusiwa kuongeza kijiko mezani.

Sasa kipande kizima cha upimaji kinavyokwenda kwa saa ya mkononi. Sekunde 20 za karibisho refu. Papo hapo agizo lote kwa ukamilifu, kabla ya maelezo yoyote, kwa hiyo ndani ya dakika ya kwanza kiini kimeshatoka. Kisha unalifungua agizo hilo sehemu tatu, kila moja dakika moja na nusu, kila moja ikianza na karibisho fupi: mgongo na miguu (usipishanishe miguu, inapandisha namba), kisha mkono, kisha ukimya na yale ya kabla, yaani kutovuta sigara na kutokunywa kahawa nusu saa kabla, na kwenda haja ndogo kwanza. Inabaki kama nusu dakika. Rudia agizo neno kwa neno, taja kipande kinachofuata na kitaanza lini: "Baada ya dakika mbili, maana ya namba mbili ambazo mashine ya presha inaonyesha." Kwa nini utaje? Kwa sababu mwisho wa kipande ni mahali ambapo watu huhisi mambo yamekwisha, wanafungua simu na gumzo linapanda. Ukiona hilo linatokea kila zamu, jua sauti yako inashuka mno mwishoni kama mtu anayefunga mkutano. Malizia kwa sauti ya katikati.

Wito wa majina usipigane nao. Jina likiitwa, nyamaza, liishe, kisha uendelee kwa karibisho fupi. Ukijaribu kulizidi sauti, mwitwaji hasikii jina lake, na waliobaki hawasikii wewe. Na ukichunguza, wito ule ni zawadi: umekupa sababu ya kurudia mada bila yeyote kuona unajirudia. Unachopaswa kukataa ni kumalizia sentensi iliyokatwa. Usiseme "...usawa wa moyo" baada ya kimya cha sekunde kumi. Anza sentensi nzima upya.

Ubao unafanya nusu ya kazi hii bila wewe kufungua mdomo. Mtu anapoingia, jicho hutangulia sikio. Mistari mitatu inatosha: mada ya asubuhi, majina ya vipande vitatu pamoja na mshale unaousogeza, na "Ukiitwa, chukua karatasi mlangoni". Mshale ndio watu huusahau, wakati ndio unaomwambia mgeni ulipo sasa hivi. Kwa ukubwa wa herufi, kadiria sentimita 2.5 za urefu kwa kila mita 3 za umbali. Ukumbi wa mita 9 unataka herufi za sentimita 7.5 hivi, kwa hiyo karatasi iliyochapwa kwa mashine ya ofisini na kubandikwa ukutani ni kujifurahisha. Ubao uwe upande uleule uliosimama wewe, mtu aone vyote viwili bila kugeuza kichwa. Na usisimame upande wa mlango. Mlango ukiwa nyuma yako, kila anayeingia anakuwa tamasha. Mlango ukiwa nyuma ya wasikilizaji, wewe peke yako ndiye unayemwona, na kutikisa kichwa kidogo kumkaribisha kunatosha. Kama wahudumu wanakubali, viti vya karibu na mlango viachwe kwa ajili ya wanaofika, wa mwanzo wajazwe mbele.

Maswali yana dakika zake mbili, na yana adabu yake. Swali la mtu wa safu ya mbele hulisikia wewe na jirani yake. Lirudie lote kwa sauti kabla ya kulijibu, na jibu lisimame peke yake: si "ndiyo, inaruhusiwa", bali "ndiyo, mwenye presha anaruhusiwa kufanya mazoezi ya kutembea". Jibu la "ndiyo" tupu kwa aliyeingia sasa hivi linaweza kuwa ndiyo ya kitu chochote. Swali la mtu binafsi kuhusu dawa zake au namba zake, mwombe aje pembeni. Pale ni ukumbi wa watu, na ugonjwa wake si mali ya umma.

Utajuaje kama umefaulu? Usisubiri makofi, ukumbini hayapo. Mtazame aliyeketi sasa hivi kwa nusu dakika. Akimwinamia jirani kunong'ona, mara nyingi anauliza "anasema nini?", na hiyo ina maana karibisho lako limechelewa. Akitazama ubao, kisha wewe, kisha akatulia, ubao umefanya kazi yake. Watazame pia waliokaa muda mrefu wakati unapotoa karibisho fupi: wakishika simu wakati huohuo kila mara, sentensi yako haibebi jipya. Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni simu yako mwenyewe. Irekodi zamu moja nzima. Jioni, sogeza kidole popote bila kuangalia, sikiliza dakika moja na nusu tu, kisha simamisha. Jiulize mambo matatu: nimejua anaongelea nini, nimejua nifanye nini, na kuna lolote nililosikia nusu ambalo lingenidhuru? Fanya hivyo mahali kumi tofauti. Pale majibu yanapokosekana pana shimo, na shimo karibu kila mara liko katikati ya maelezo matamu uliyoyapenda mwenyewe hadi ukasahau kutaja mada. Bora zaidi, mpe rekodi hiyo mtu asiye wa afya, kwa sababu wewe ubongo wako unajaza mapengo bila ruhusa yako.

Mbinu hii ina mipaka. Haifai kwa ujuzi ambao lazima ujengwe hatua kwa hatua, kwa mfano kumfundisha mgonjwa kutumia mashine ya kupima presha nyumbani hadi aweze mwenyewe. Hiyo ipangie saa maalumu na chumba chenye mlango, na ukumbini utangaze tu kwamba ipo. Pia kama daftari lako litaonyesha kwamba karibu wote wanafika wakati mmoja na wanaondoka pamoja, acha haya yote ufundishe kama kawaida. Hesabu upya kila utaratibu wa kliniki unapobadilika, maana daktari mmoja akiongezwa, muda wa kusubiri unaweza kushuka hata nusu, na kipande chako cha dakika 6 kikawa kirefu ghafla.

Mwisho ni sauti yako. Zamu 15 za dakika 6 ni dakika 90 za kuzungumza, na kwa mtu mmoja kila asubuhi ni nyingi. Omba mwenzako wa kupokezana, na mbadilishane mwisho wa mzunguko wa vipande vitatu, si katikati yake. Anayepokea aje zamu moja kabla na kukaa kwenye viti kama msikilizaji, asikie mifano uliyokwisha itumia ili asirudie ileile kwa wale waliobaki. Maagizo matatu, moja la kila kipande, yaandikeni neno kwa neno kwenye kadi moja ngumu. Kadi hiyo ndiyo mnayopeana mkononi.